Mtaro wa zege kando ya barabara: zege linapoisha mapema, linapobaki, na ukuta unapoanza kuinama

Mtaro wa wazi una sehemu tatu tu, sakafu na kuta mbili, na kwa sababu hiyo hesabu yake hufanywa haraka nyuma ya karatasi ya risiti. Kisha kazi ikifika katikati, saruji imeisha na mtaro bado. Au mambo yanakwenda vizuri mno, mifuko inabaki stoo, na mwaka unaofuata ukuta wa upande wa barabara umelala ndani. Matatizo haya mawili yanaonekana kama hayahusiani, lakini yote husomeka kwenye namba moja: zege linalotumika kwa kila mita ya urefu. Ukiijua namba hiyo ilivyopaswa kuwa, na ukaifuatilia kila siku ya kumwaga, mtaro wenyewe utakuambia kosa liko wapi kabla halijafukiwa.

Nitatumia mtaro mmoja kote humu ili tusipotee: upana wa ndani mm 600, kina cha ndani mm 600, kuta mm 150, sakafu mm 150. Hesabu yake kwa mita moja ya urefu ni hii, vipimo vyote vikiwa katika mita:

```
sakafu = (0.60 + 2 × 0.15) × 0.15 = 0.135
kuta   = 2 × 0.15 × 0.60          = 0.180
jumla                             = 0.315 (mita za ujazo)
```

Sakafu inapita chini ya kuta zote mbili, kwa hiyo upana wake ni mm 900, si 600. Kuta zinaanzia juu ya sakafu, kwa hiyo urefu wake ni mm 600, si 750. Zege jepesi la kusawazisha lililo chini ya sakafu linahesabiwa peke yake. Likiwa na unene wa mm 50 na upana wa mita 1 ni 0.05 kwa mita. Usilichanganye na 0.315, maana mchanganyiko wake ni mwingine na mara nyingi hata siku ya kumwagwa ni nyingine.

Kwa mchanganyiko wa 1:1.5:3 wa saruji, mchanga na kokoto, mfuko mmoja wa kilo 50 hutoa takriban mita za ujazo 0.124, yaani lita 124 za zege lililoshindiliwa. Gawanya 0.315 kwa 0.124 utapata mifuko 2.5 kwa kila mita. Msimamizi anaweza kukaa na namba hiyo kichwani siku nzima: mifuko 10 inapaswa kuondoka na mita 4 za mtaro. Ikiondoka na mita 3, simamisha kazi kidogo uangalie. Ikiondoka na mita 5, simamisha kazi upesi zaidi.

Dalili ya kwanza: zege linaisha kabla ya mtaro

Anza na karatasi kabla ya kumshuku fundi. Kosa la kawaida kuliko yote ni kuhesabu sakafu kwa upana wa ndani. Ukiandika 0.60 × 0.15 unapata 0.09 badala ya 0.135, na pengo la 0.045 kwa mita ni kama asilimia 14 ya zege lote. Dalili yake ni kwamba upungufu unajitokeza sawasawa tangu siku ya kwanza, na ukipima mtaro wenyewe kila kitu kiko sawa: kuta 150, sakafu 150. Kazi haina kosa, agizo ndilo lililokuwa dogo. Kuna kosa pacha lake la upande wa pili, pale mtu anapohesabu kuta kwa urefu wote wa nje wa mm 750 na sakafu kwa upana wote wa mm 900. Hapo pembe zimehesabiwa mara mbili, na utaagiza 0.045 ya ziada kwa kila mita.

Karatasi ikiwa safi, nenda kwenye udongo. Sakafu ni pana, kwa hiyo kila milimita moja ya kina iliyochimbwa zaidi inameza 0.0009 kwa mita. Inaonekana kitu kidogo, lakini chepe halichimbi kwa milimita. Chimbo likishuka sm 3 zaidi ya ilivyotakiwa na mtu akaamua kulijaza zege la mtaro badala ya kulisawazisha kwanza, 0.027 imekwenda, karibu asilimia 9. Hili hulitambui kwa kuangalia mtaro uliokamilika, kwa sababu juu ni sawa kabisa. Fukua kidogo pembeni mwa sakafu mpaka uone ukingo wake wa chini, upime unene pale pale. Fanya hivyo sehemu kadhaa, maana kwa kawaida chimbo huwa sawa mwanzoni na huzidi kushuka kadiri wachimbaji wanavyoacha kufuata kamba.

Sababu ya tatu ndiyo inayokula zege zaidi, nayo ni kumwaga ukuta ukiegemea udongo moja kwa moja, bila mbao za fomu upande wa nje. Mbao zinaokolewa, muda unaokolewa, lakini udongo haukatiki wima kama ubao. Chimbo likipanuka sm 5 kila upande, kuta mbili zinaongezeka 0.06 na sakafu inaongezeka 0.015, jumla 0.075 kwa mita. Hiyo ni robo ya zege lote, kasoro kidogo. Sisemi njia hii haifai. Kwenye udongo mgumu unaosimama wenyewe ni njia halali kabisa, ila lazima ihesabiwe hivyo tangu mwanzo, na nondo za upande wa nje zishikiliwe mbali na udongo kwa vipande vya zege. Zikigusa udongo, zitaanza kutu mapema.

Mbao za fomu zinazovimba zinatajwa sana kama sababu, kwa haki au bila haki. Kila ukuta ukivimba milimita 10 kwa wastani, ongezeko ni 0.012 tu. Ukiona mtu anaeleza upungufu mkubwa kwa kuvimba kwa mbao peke yake, mwambie aoneshe ukuta uliovimba; tumbo la ukubwa huo linaonekana kwa macho.

Sababu ya mwisho haiko kwenye mtaro, iko kwenye sanduku la kupimia. Sanduku la mm 350 kwa 400 kwa 250 lina lita 35, sawa na ujazo wa mfuko mmoja wa saruji. Mchanga ukiwa na unyevu kidogo huvimba, na asilimia 20 hadi 30 ya kuvimba si ajabu. Sanduku linaonekana limejaa, ila ndani kuna mchanga pungufu, na kila mfuko unatoa lita 5 au 6 za zege chini ya matarajio. Ajabu yake ni kwamba mchanga uliolowa chepechepe hurudi karibu na ujazo wa mchanga mkavu, kwa hiyo siku ya umande ndiyo inayokudanganya, si siku ya mvua kubwa. Kupima ni rahisi: jaza ndoo mchanga ule wenye unyevu mpaka juu, umimine pembeni, tia maji nusu ndoo, kisha urudishe mchanga kidogo kidogo huku ukiukoroga. Uso wa mchanga utakaa chini ya mdomo wa ndoo. Pima ulivyoshuka, gawa kwa kimo cha mchanga uliobaki ndani ya ndoo, uongeze kipimo cha mchanga kwa sehemu hiyo.

Mfano mmoja mpaka mwisho

Chukua mtaro wetu kwa urefu wa mita 60. Hesabu ni 0.315 × 60, yaani mita za ujazo 18.9, na kwa lita 124 kwa mfuko ni mifuko 152. Mifuko 152 imekwisha na mtaro umefika mita 47. Kilichotumika kwa mita ni 18.9 ÷ 47, yaani 0.402. Pengo ni 0.087 kwa mita, na sasa kazi ni kulitafutia pengo hilo wenyewe.

Karatasi inakaguliwa, iko sawa. Kuta zinapimwa juu kwa futi kamba: wastani mm 175 badala ya 150, kwa sababu upande wa nje ulimwagwa ukiegemea udongo. Ukingo wa sakafu unafukuliwa sehemu tano: wastani mm 175. Kwa hiyo upana halisi wa nje ni 0.60 + 0.175 + 0.175, yaani 0.95. Tunahesabu upya mtaro kama ulivyo, si kama ulivyochorwa:

```
sakafu = 0.95 × 0.175     = 0.166
kuta   = 2 × 0.175 × 0.60 = 0.210
jumla                     = 0.376
```

Mtaro uliosimama pale una 0.376. Zege lililotoka stoo kwa mahesabu ya mifuko ni 0.402. Tofauti ya 0.026 ni asilimia 6.5 ya kilichotumika, na hiyo haimo kwenye mtaro kabisa. Ni zege lililomwagika kwenye toroli, lililoganda ndani ya mashine, na hasa ule mchanga wenye unyevu uliofanya mifuko isitoe lita 124. Jaribio la ndoo lingetenganisha hivi viwili.

Ona jinsi pengo lilivyogawanyika. Kuta zimechukua 0.030, sakafu 0.031, na upotevu 0.026. Hakuna mwizi mmoja mkubwa, wako watatu wa wastani. Hivi ndivyo inavyokuwa mara nyingi, ndiyo maana kubishana kuhusu sababu moja kunachosha watu bure.

Zimebaki mita 13. Upana wa chimbo hauwezi kurudishwa, maana limeshachimbwa lote. Kina kinaweza: sehemu zilizozidi zijazwe changarawe na kushindiliwa, kisha zege jepesi la kusawazisha, mpaka sakafu irudi mm 150. Mtaro huo utahitaji 0.95 × 0.15 + 0.21, yaani 0.3525. Ongeza upotevu uleule wa asilimia 6.5 kwa kugawanya na 0.935, unapata 0.377. Mara 13 ni mita za ujazo 4.9, na mifuko ni 40. Anayeagiza kwa namba ya zamani, 0.315 × 13, ataleta mifuko 33 na kusimama tena mita mbili na kitu kabla ya mwisho.

Dalili ya pili: zege linabaki

Mifuko ikibaki, watu wanafurahi. Mimi naanza kupima. Tuseme mita 100 za mtaro huu zilipaswa kula 31.5 na zimekula 29. Kimekosekana 0.025 kwa kila mita, na hicho hakikupotea hewani, kimekosekana ndani ya mtaro. Kama pungufu lote liko kwenye sakafu, ligawe kwa upana wa 0.90: sakafu ni nyembamba kwa mm 28, yaani ina mm 122. Kama lote liko kwenye kuta, ligawe kwa 1.20, ambao ni kimo cha kuta mbili kwa pamoja: kila ukuta umepungua mm 21, una mm 129. Na kama kuna upotevu wa kawaida wa asilimia kadhaa ambao hukuuondoa, hali halisi ni mbaya kuliko hivyo.

Kupima ukuta kwa juu hakutoshi hapa. Pale juu mbao mbili zimeshikwa na kipande cha kutenganisha, kwa hiyo juu daima ni 150. Ukuta hupungua katikati na chini, ambako mbao zilisukumwa zikasogeleana kabla ya kumwaga, au kipande cha chini kilisahauliwa. Katika mtaro ambao haujafukiwa, njia ya uhakika ni kutimiza mahesabu ya nje na ndani: pima upana wa nje kwa fimbo mbili za wima na kamba, pima upana wa ndani kwenye kimo kilekile, toa, gawa kwa mbili. Rudia chini, katikati na juu. Upana wa ndani ukiwa 600 juu na 630 katikati, huku nje ni 900 kote, kuta zina 135 pale katikati.

Kwa sakafu, vuta kamba kutoka ukingo hadi ukingo wa kuta, pima kina cha ndani. Ukipata 625 na kuta zilifungwa kwa kimo sahihi, ama sakafu ni nyembamba kwa mm 25 au imeshuka. Gonga kwa nyundo ndogo. Sauti ya uwazi inasema chini yake kuna nafasi.

Je, mm 25 zinatisha? Inategemea kina cha mtaro, na hapa watu hukosea pande zote mbili. Uwezo wa ukuta mtupu kuhimili kupinda hufuata mraba wa unene. Ukuta wa mm 120 una asilimia 64 tu ya uwezo wa ule wa 150. Lakini katika mtaro wa kina cha sm 60, udongo wa kawaida nyuma ya ukuta unasukuma kidogo sana ukilinganisha na uwezo huo, kwa hiyo upungufu peke yake hauvunji ukuta. Kina kikizidi mara mbili, kufika mita 1.2, nguvu ya udongo ya kuupinda ukuta chini yake inakuwa mara 8, na ile inayotokana na mzigo uliosambaa juu ya bega la barabara inakuwa mara 4. Pale ukuta wa 150 unahitaji nondo za maana, na ukuta wa 120 ni wa kuvunja.

Nondo zenyewe zinapoteza kitu kwenye ukuta mwembamba hata wa mtaro mfupi. Nondo zimefungwa mahali pake kabla ya zege, hazisogei kufuata upungufu. Ule upungufu wote unaondoka kwenye ngozi ya zege inayozifunika upande mmoja. Ulipanga mm 40, umebaki na 15. Baada ya misimu michache utaona mistari ya kutu ya wima ndani ya mtaro, kila mmoja ukiwa juu ya nondo yake.

Liko jambo jingine ambalo halifikiriwi mpaka litokee. Mtaro wetu una 0.315 kwa mita, na zege lina kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, basi mita moja ina kilo 756. Maji ya ardhini yakijaa mpaka ukingo na mtaro ukiwa mtupu, unasukumwa juu kwa uzito wa maji uliyoyaondoa: 0.90 × 0.75, yaani kilo 675. Mtaro unakaa. Sasa fanya kuta na sakafu mm 120, upana wa nje ukibaki 900. Zege linakuwa 0.252, uzito kilo 605, na msukumo wa maji ni 0.90 × 0.72, yaani kilo 648. Ukiacha msuguano wa udongo pembeni, mtaro huo unaelea. Sehemu za mabondeni, ambako maji ya chini hupanda msimu wa mvua, kipande kizima huinuka kwenye kiungo na kuacha ngazi ya sm mbili tatu inayokusanya taka. Wanaofika kukagua hulaumu kiungo.

Dalili ya tatu: ukuta umeinama ndani

Pima upana wa ndani chini na juu. Chini 600 na juu 575 ina maana kuta mbili zimesogeleana sm 2.5. Teremsha timazi kila upande ujue ni ukuta gani. Karibu kila mara ni ule wa upande wa barabara. Halafu kaa uangalie vitu viwili kabla hujasema sababu.

Kwanza, mstari wa inapokutana sakafu na ukuta. Sakafu kwa kawaida humwagwa siku moja na kuta siku nyingine, kwa hiyo pale pana kiungo baridi. Zege jipya lililokaa juu ya zege la jana lenye vumbi na utelezi wa saruji halishiki, linasimama tu. Ukuta wa namna hiyo huinama ukiwa mzima, bila ufa mwilini, ukizunguka kwenye mstari huo kama mlango kwenye bawaba. Ukiona hivyo, unene wa ukuta hauna kosa hata kidogo, na kuongeza unene kwenye sehemu inayofuata hakutasaidia. Kinachosaidia ni kumwaga sm 7 hadi 10 za mwanzo wa ukuta pamoja na sakafu, kuukwaruza uso wake zege likiwa bado bichi, kuuosha kabla ya kumwaga juu yake, na nondo za wima zitoke ndani ya sakafu na kupanda.

Pili, nondo hizo ziko upande gani. Udongo unausukuma ukuta kuelekea ndani, kwa hiyo upande unaovutika ni wa nyuma, unaogusa udongo. Katika ukuta wenye safu moja ya nondo, nondo zinatakiwa huko nyuma, zikiacha ngozi ya kutosha ya zege. Mafundi wengi huziweka upande wa ndani, au katikati kabisa, kwa sababu ndiko zinakofungika kwa urahisi. Dalili yake ni ufa mlalo upande wa nyuma, chini, ambao ndani ya mtaro hauonekani. Ndani utaona tu uso wa zege ukimeguka vipande vyembamba pembeni ya sakafu, mahali panapobanwa. Fukua nyuma uthibitishe.

Kama kiungo ni kizuri na nondo ziko mahali pake, tafuta mzigo. Ukuta ulioinama sawasawa kwa urefu wote unazungumzia udongo au maji. Ulioinama mita tatu nne tu, kisha ukanyooka tena, unazungumzia gurudumu. Lori likisimama na tairi sm 30 kutoka ukingoni, ukuta unapokea msukumo ambao udongo peke yake haungeufikia. Vilevile mashine ya kushindilia inayopita karibu na ukuta wa siku tatu inaweza kuuinamisha kabla hata barabara haijafunguliwa. Kwa hiyo uliza ukuta ulionekana umeinama lini: kabla ya kufukia, wakati wa kufukia, au baada ya mvua ya kwanza. Jibu la tatu linakupeleka kwenye matundu ya kutolea maji. Maji yaliyonaswa nyuma ya ukuta husukuma kuliko udongo mkavu. Matundu ya mm 50 kila mita 1.5 hadi 2, yakiwa na kokoto nyuma yake, yanatosha kwa mtaro wa namna hii, mradi yasizibwe na zege siku ya kumwaga. Chomeka kijiti, kikigonga kitu kigumu ndani ya sm 15, tundu ni pambo.

Ukuta ulioinama haurudishwi kwa kusukumwa. Kama bado umeshikana na sakafu na umeacha kusogea, unaweza kuwekewa vizuizi vya zege vya kukingama juu, kutoka ukuta hadi ukuta, kila mita mbili hivi. Vinageuza ukuta usiwe tena umesimama kwa mguu wake peke yake. Gharama yake ni usafi: kila kizuizi ni mahali pa majani na chupa kunasa, na koleo halipiti kwa urahisi. Ukuta uliokwisha kuachia kwenye kiungo ni wa kuvunja na kujenga upya kwa nondo zilizopandikizwa kwenye matundu yaliyotobolewa sakafuni. Hesabu ya zege la kazi hiyo ni ukuta mmoja tu, 0.09 kwa mita.

Nyufa nyingine, kwa kifupi

Ufa wa wima kwenye ukuta, ulio mwembamba, ukijirudia kwa umbali unaokaribia kulingana, ni zege linalosinyaa juu ya sakafu iliyokwisha kukaza. Maana yake viungo viko mbali mno. Kwa sakafu na kuta za mm 150 zisizo na nondo nyingi, kiungo kila mita 4 hadi 4.5 huondoa nyingi ya nyufa hizo. Viungo vya ukuta vikae juu ya viungo vya sakafu, vinginevyo ufa utachagua njia yake wenyewe.

Ufa wa urefu unaopita katikati ya sakafu, unaoonekana ukiwa umesimama ndani ya mtaro, hauletwi na kuta kuinama. Kuta zinaposukumwa ndani, sakafu hujipinda kwa namna ambayo ufa ungefunguka upande wa chini, usiuone. Unaouona juu umeletwa na kitu kinachosukuma kutoka chini: maji, au udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa. Au kuta zimezama kidogo pande zote mbili na katikati pamebaki juu. Tandaza kamba sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta. Ikikaa juu ya kigongo katikati umeshapata jibu, na kujaza ufa kwa saruji hakutadumu msimu mmoja kama chini hapajatolewa maji.

Maji yanayotuama nayo yana uhusiano na zege kwa mita. Mteremko wa asilimia 0.5 ni mm 5 kwa mita, kwa hiyo katika mita 4 za kumwaga kwa mara moja tofauti ni sm 2 tu. Fundi anayesawazisha kwa pima maji badala ya kamba ya mteremko atafanya sakafu kuwa bapa, na atakapogundua ataanza kuinua upande wa juu kwa zege la ziada. Ukiona matumizi ya sakafu yanapanda ghafla kutoka 0.135 kufika 0.15 au 0.16 mahali fulani, na kuta hazijabadilika, nenda na ndoo ya maji ukaimwage pale. Yatakapotulia pana dimbwi, na dimbwi hilo lirekebishwe kabla ya kuta kumwagwa, maana baada ya hapo kila marekebisho yanapunguza kina.

Daftari la siku linalotosha kwa haya yote lina safu nne: mita zilizomwagwa, mifuko iliyotumika, unene wa ukuta uliopimwa mahali patatu, na unene wa sakafu kwenye ukingo. Sakafu na kuta ziandikwe mbalimbali, mifuko 1.1 kwa mita kwa sakafu na 1.45 kwa kuta. Ukizichanganya, sakafu nene na kuta nyembamba zinafichana, na jumla inakuja 0.315 bila kasoro.